Bima ya Mwanafunzi Marekani: Anzia Ukurasa wa Visivyolipwa

Anayekwenda Marekani kwa viza ya J-1, kama wale Wakenya na Watanzania wanaofundisha Kiswahili vyuoni kwa mpango wa Fulbright, hana hiari juu ya bima ya afya. Sheria ya serikali kuu, kwa viwango vilivyoanza Mei 2015, inataka bima iwe tayari kulipa angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kurudi kwao na dola 25,000 za kurudisha maiti. Mwenzi na watoto aliofuatana nao nao wanahesabiwa. Anayekaidi kwa makusudi hukatishwa programu yake.

Mwenye viza ya F-1, ambayo ndiyo ya wanafunzi wengi, serikali kuu haimwekei sharti hilo. Anayembana ni chuo. Kwa kawaida chuo huweka gharama ya bima yake kwenye ankara ya ada, na mwanafunzi huruhusiwa kuikataa akionyesha kabla ya tarehe fulani kwamba ana nyingine inayolingana nayo. Hapo ndipo watu hukimbilia zile za bei rahisi mtandaoni, ambazo nyingi kwa asili ni bima za wasafiri.

Dola 100,000 zinaonekana mlima wa fedha, na mzazi akiziona kwenye karatasi hupumua. Lakini sheria hiyohiyo inairuhusu kampuni kumwachia mgonjwa dola 500 za mwanzo kwa kila ugonjwa, kisha hadi asilimia 25 ya gharama inayobaki. Tuchukue mfano wa kijana anayefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na ankara ya hospitali ikawa dola 32,000. Za mwanzo 500 ni zake. Zinabaki 31,500, na robo yake ni 7,875. Kijana anadaiwa dola 8,375, na bima yake imetimiza sheria bila kasoro. Ndiyo maana mimi, kabla ya kutazama kiwango cha juu, ningetafuta mstari unaosema ni fedha kiasi gani mwanafunzi anaweza kulipa kutoka mfukoni mwake kwa mwaka mzima. Mkataba mzuri huweka kikomo hapo. Mkataba usio na mstari huo unakuacha na robo isiyo na mwisho.

Pengo la pili ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba. Mwenye pumu, kisukari au selimundu aulize hili kabla ya bei. Sheria ya J-1 inaikubalia kampuni kumsubirisha mgonjwa wa namna hiyo kwa muda ulio wa kawaida katika biashara ya bima, na baadhi ya bima za wasafiri hazilipii kabisa isipokuwa hali ikibadilika ghafla. Dai likifika, kampuni huomba rekodi za matibabu ya nyuma, hata za kliniki ya nyumbani. Kukaa kimya hakusaidii: mtu aliyeandikiwa dawa ya kupulizia kabla ya safari, kisha akabanwa kifua mwezi wa pili, anaweza kuambiwa kwamba hilo si jambo jipya. Bima ya chuo iliyoandikwa kwa kufuata sheria ya afya ya mwaka 2010 haiwezi kumkataa kwa sababu hiyo, nayo kwa kawaida ni ghali zaidi. Kwa mgonjwa wa kudumu, tofauti hiyo ya bei ina maana.

Meno na miwani kwa mtu mzima huwa nje, ila jino lililovunjika kwa ajali. Nenda kwa daktari wa meno kabla hujapanda ndege.

Halafu kuna zile dola za safari. Kumsafirisha mgonjwa hakumaanishi gari la wagonjwa la kukupeleka hospitali ya jirani. Ni safari inayopangwa na kampuni yenyewe, baada ya daktari kuthibitisha kwamba inahitajika. Maiti ni vilevile: fedha hulipia kuutayarisha mwili, jeneza la kusafiria na ndege, wala si mazishi ya nyumbani. Familia ikijipangia yenyewe kwanza na kupeleka risiti baadaye, mara nyingi hailipwi. Watu wetu ughaibuni wamezoea kuchangishana kusafirisha mwili, na wakati mwingine marehemu alikuwa na haki hiyo ndani ya bima ambayo hakuna aliyeikumbuka. Mwenye F-1 aliyekataa bima ya chuo ndiye wa kuangalia zaidi, kwa kuwa hakuna sheria ya kuu inayoilazimisha bima yake iwe na kifungu hicho. Kikiwepo, namba ya simu ya dharura iliyo nyuma ya kadi iwe pia kwa mtu mmoja nyumbani na kwa anayeishi naye chumba kimoja, maana siku hiyo mwenye kadi hatakuwa wa kupiga.