Impela na Kasha Lake: Namba Moja Inapobadilika

Tuseme tunataka pampu ya maji ya lita 5 kwa sekunde, inayoendeshwa na mota ya mizunguko 2,900 kwa dakika. Tunachagua impela, yaani gurudumu linalorusha maji, yenye kipenyo cha milimita 160. Katika FreeCAD, programu ya bure ya kuchora vipuri, namba hiyo huandikwa mara moja tu, kwenye jedwali, ikapewa jina `kipenyo`. Kila mstari unaoihitaji huisoma humo.

Mapanga ya impela yamepinda. Kila moja huanzia milimita 30 kutoka katikati, maji yanapoingilia, na kuishia ukingoni, 80. Tukitaka lilalie mzunguko kwa nyuzi 25 mwanzo hadi mwisho, kanuni ni hii:

```
r = 30 * exp(0.466 * a)
```

Hapo `a` ni pembe kwa radiani. Panga likifika ukingoni litakuwa limezunguka takriban nyuzi 120. Pointi chache hukokotolewa jedwalini na kuunganishwa kwa mkunjo laini, kisha `PolarPattern` hurudia panga hilo mara 6.

Kasha ndilo linalodharauliwa. Impela humwaga maji pande zote kwa pamoja, hivyo mfereji unaoizunguka hupokea maji zaidi kadiri unavyokaribia tundu la kutokea. Ukiwa na nafasi ileile kote, shinikizo halitakuwa sawa, shafti itasukumwa upande mmoja na beringi zitakufa mapema. Ndiyo maana kasha hupanuka kama konokono. Maji yakienda mita 10 kwa sekunde, mwisho wa mfereji unahitaji milimita 500 za mraba: upana 20, kina 25. Tukiacha pengo la milimita 6 kati ya impela na ulimi, ile ncha ambapo kasha huanzia, ukuta wa nje unakuwa:

```
r = 86 + 25 * t / 360
```

Pengo likiwa dogo mno pampu hunguruma. Likizidi, maji hurudi kuzunguka ndani.

Kosa la kawaida ni mwelekeo. Pembe `t` hufuata mzunguko wa impela, lakini `a` huenda kinyume chake, ili ncha za mapanga zibaki nyuma. Ukizichanganya mchoro utapendeza vilevile, na pampu itatoa maji, ila kinyonge.

Zile 86 na 25 nazo zisiandikwe kwa mkono. Ya kwanza itokane na `kipenyo`, ya pili na kiasi cha maji. Hata hivyo programu hulinda umbo tu. Badilisha `kipenyo` kutoka 160 hadi 176, kila kipimo kikue kwa uwiano uleule na mizunguko ibaki ileile: maji huongezeka kwa asilimia 33, shinikizo kwa 21, na nguvu inayodaiwa kwa mota kwa takriban 61. Pima mota kabla ya kuigusa namba hiyo.