Barua ya muuguzi anayeaga wodi kwenda chuo

Majibu ya udahili wa vyuo vikuu yakishatoka, ofisi za utumishi za hospitali nyingi nchini Tanzania huanza kupokea barua za aina moja. Muuguzi mwenye stashahada, aliyekwisha kukomaa wodini, amepata nafasi ya kusoma shahada ya uuguzi, iwe Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza, na sasa anaaga. Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja, lakini ina kazi mbili zinazovutana. Kwa mwajiri ni hati ya kisheria itakayokaa kwenye faili. Kwa wenzake wa wodi ni kwaheri ya watu waliokesha pamoja. Anayejali sheria peke yake huandika barua kavu kama risiti, na anayejali moyo peke yake humaliza ukurasa mzima wa shukrani bila kutaja siku yake ya mwisho kazini.

Tumchukue muuguzi mmoja wa mfano. Anafanya kazi wodi ya watoto katika hospitali ya misheni, analipwa kwa mwezi, na mkataba wake hauna tarehe ya ukomo. Chuo kimemtaka aripoti Jumatatu, tarehe 27 Oktoba 2025. Kabla ya kushika kalamu anapaswa kuhesabu siku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza wa ajira, atoe notisi isiyopungua siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo asome kwanza mkataba wake. Notisi inatakiwa iwe ya maandishi, itaje sababu ya kuondoka na tarehe inapotolewa. Hivyo kutaja masomo ndani ya barua ni sehemu ya sharti lenyewe.

Akiikabidhi barua tarehe 25 Septemba na kuanza kuhesabu kesho yake, siku ya 28 inaangukia tarehe 23 Oktoba. Anabaki na siku tatu za kufunga mizigo na kusafiri. Akichelewa hadi tarehe 6 Oktoba, notisi itaisha tarehe 3 Novemba, wiki nzima baada ya siku ya kuripoti. Hapo atalazimika kumwomba mwajiri wakubaliane kufupisha muda, kwa maana asipofanya kazi siku za notisi, mwajiri anaweza kukata malipo ya siku hizo katika stahiki zake.

Hapa ndipo wengi hukosea kuhusu likizo. Muuguzi wetu ana siku kumi za likizo ya mwaka ambazo hajazitumia, na anadhani atazitumia kupunguza notisi. Sheria hairuhusu notisi itolewe mtu akiwa likizoni, wala notisi na likizo kwenda sambamba. Siku 28 atazifanyia kazi, na zile kumi atalipwa fedha.

Mwenye mkataba wa muda maalumu, tuseme wa miaka miwili, yuko katika hali nyingine. Kwa kanuni za ajira za mwaka 2007, huyo hawezi kuuvunja katikati kwa notisi tu kama mwajiri hajakiuka mkataba. Njia yake ni makubaliano, na barua yake lazima iwe ombi. Mtumishi wa serikali naye ana kanuni zake, na mara nyingi linalomfaa ni kuomba kwanza ruhusa ya masomo kabla ya kufikiria kuacha kazi.

Muuguzi wetu haombi. Anatoa taarifa. Barua nyingi huanza na "ninaomba kuacha kazi," kwa sababu ya adabu tu, lakini sentensi hiyo humpa mpokeaji nafasi ya kuisubirisha barua mezani akidai ombi bado linajadiliwa, huku siku zikienda. "Ninatoa notisi ya siku 28" ni sentensi ya heshima vilevile, na haina mlango wa kusubiriwa.

Kuna adabu nyingine isiyoandikwa popote. Inchaji wa wodi asiisikie habari hii kwa karani wa utumishi. Ratiba ya zamu za Oktoba hupangwa Septemba ikiendelea, na mtu mmoja akitoka bila taarifa, zamu zake za usiku huwaangukia wenzake. Amwone inchaji ana kwa ana, siku moja au mbili kabla, kisha barua ipitie kwake. Pia amwombe asimpangie usiku katika wiki ya mwisho, kwa kuwa famasia, stoo na uhasibu, ambako atahitaji saini za kuondoka, hufanya kazi mchana.

Sasa shukrani. Aya hii ndiyo inayosomwa na wodi nzima, na ndiyo inayoharibika upesi kuliko zote. "Nawashukuru wote kwa ushirikiano mlionipa" haina kosa, ila inaweza kuandikwa na mhasibu, dereva au mwalimu. Shukrani ya muuguzi hupata joto inapotaja kazi yenyewe. Wodi ya watoto, kwa mfano, ina desturi ya kumpima mtoto uzito kabla ya kuandaa atesuneti ya malaria kali. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 10 anapata 30. Akikadiriwa kwa macho kuwa ana kilo 8, atapata 24, na dozi imepungua. Aliyefundishwa na wakubwa wake kutokadiria, na kumwita mwenzake ahesabu upya kabla ya kuchoma sindano, ana jambo la kushukuru ambalo kila aliyekaa wodi hiyo atalitambua.

Mambo matatu yasiingie katika aya hiyo. La kwanza ni habari za mgonjwa. Kisa cha mtoto aliyenusurika kinaweza kugusa moyo, lakini barua itapita mikononi mwa makarani na kukaa kwenye faili miaka mingi. Tarehe, kijiji na ugonjwa vikitajwa pamoja vinatosha kumtambulisha mtu, hata bila jina. La pili ni kutaja marafiki wawili watatu kwa majina na kuwaacha wengine. Ni salama kushukuru kwa makundi ya kazi, na wahudumu wa afya wanaobadilisha mashuka na kusafisha sakafu usiku wa manane wasisahaulike. La tatu ni malalamiko yaliyovalishwa nguo ya shukrani, kama "nimejifunza kuvumilia mengi." Kila mtu ataelewa. Kama kuna dai la posho au saa za ziada, liandikiwe barua yake.

Ahadi ya kurudi nayo iandikwe kwa uangalifu. Kama hospitali haimlipii masomo na hakuna makubaliano yoyote, aseme tu kwamba atafurahi kushirikiana nao tena. Kama inamlipia, yawezekana ipo hati aliyosaini inayomtaka arudi, na barua haiwezi kwenda kinyume nayo.

Jambo la mwisho ndani ya barua ni makabidhiano. Wodi ina funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, kama mofini na pethidini, na daftari linaloonyesha kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Aliyekuwa anashika funguo hizo asiondoke mpaka ampules zihesabiwe mbele ya anayepokea, idadi ilingane na daftari, na wote wawili wasaini. Ikigundulika pungufu mwezi mmoja baadaye, saini hiyo ndiyo itakayomtetea. Barua itaje tu kwamba makabidhiano yatafanyika na lini; orodha yenyewe ibaki kwenye fomu.

Barua yake, baada ya hayo yote, inaweza kusomeka hivi:

S.L.P. ya mwandishi
25 Septemba 2025

Mkurugenzi wa Hospitali,
Kupitia: Muuguzi Mfawidhi wa Hospitali
Kupitia: Inchaji, Wodi ya Watoto

Yah: Notisi ya kuacha kazi kwa ajili ya masomo

Tafadhali husika na kichwa cha habari cha hapo juu.

Ninatoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi ya uuguzi katika Wodi ya Watoto, kuanzia tarehe 26 Septemba 2025. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 23 Oktoba 2025. Sababu ni kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya uuguzi, na ninatakiwa kuripoti chuoni tarehe 27 Oktoba 2025. Nakala ya barua ya udahili imeambatishwa.

Ninaishukuru hospitali kwa kuniajiri nikiwa nimetoka chuoni na kunipa nafasi ya kujifunza. Kwa wenzangu wa Wodi ya Watoto, shukrani zangu ni za pekee. Ninyi ndio mlionifundisha kutafuta mshipa wa mtoto aliyekauka maji bila kupaniki, kutokadiria uzito kwa macho, na kumwita mwenzangu ahesabu dozi upya hata wodi inapofurika. Wahudumu wa afya mliniwahi kila nilipohitaji mkono wa pili. Madaktari mlinisikiliza nilipowaamsha usiku. Ninakwenda darasani na mengi niliyoyapata kwenu.

Nitakabidhi funguo, daftari la dawa na vifaa vilivyo chini yangu kabla ya tarehe 22 Oktoba kwa yule atakayeteuliwa, na niko tayari kumwelekeza atakayechukua nafasi yangu. Ninaomba nilipwe siku zangu 10 za likizo ambazo sijazitumia, na niandaliwe cheti cha utumishi.

Nitafurahi kushirikiana nanyi tena siku zijazo.

Wako mtiifu,
Jina, sahihi, namba ya leseni

Nakala: Ofisi ya Utumishi

Barua hiyo ina ombi moja tu, nalo ni la malipo na cheti. Mengine yote ni taarifa au shukrani. Cheti cha utumishi ni haki yake kisheria, na atakihitaji siku atakapoomba kazi akiwa na shahada mkononi. Kiinua mgongo kinachohesabiwa kwa siku saba za mshahara kwa kila mwaka wa kazi asikitarajie, kwa kuwa hicho hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu kazi. Atakachodai ni mshahara wa siku alizofanya kazi na fedha ya likizo.

Apeleke nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine arudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini ya mpokeaji. Kukitokea ubishi Oktoba kuhusu siku 28 zilianza lini, muhuri huo ndio utakaoamua.