Kredit Noti Imetumwa, Je, Deni Limebaki Kiasi Gani?

Tuchukue muuzaji wa jumla wa rangi pale Kariakoo, na mteja wake mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Mteja alichukua ndoo 40 za rangi, kila moja shilingi 90,000 kabla ya kodi. Jumla ni 3,600,000. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT tunayoiona kwenye risiti, kwa asilimia 18, yaani 648,000, ankara namba 0412 inafika 4,248,000. Tarehe 28 Februari mteja alitanguliza 2,000,000. Mzigo uliposhushwa, ndoo tano zilikutwa zimepasuka vifuniko na rangi imevuja, akazirudisha. Ofisi ikatoa kredit noti ya 531,000, kisha karani wa hesabu akatuma ujumbe huu:

“Ndugu mteja, tunapenda kukujulisha kwamba kredit noti CN-0037 ya TZS 531,000 imeingizwa kwenye akaunti yako kuhusiana na marejesho ya bidhaa. Salio lako litarekebishwa ipasavyo. Asante kwa kuendelea kushirikiana nasi.”

Hakuna uongo humo, na Kiswahili chake ni safi. Tatizo ni kwamba mteja akimaliza kuusoma bado hajui alipe shilingi ngapi. Kitu kimeingizwa kwenye akaunti yake: je, ni fedha itakayotumwa kwenye simu, au ni deni jipya? Salio lipi litarekebishwa? Mtu aliyezoea kuangalia salio la M-Pesa anajua salio ni fedha yake mwenyewe, wala si anachodaiwa. Neno “litarekebishwa” nalo linaahidi jambo la baadaye, ilhali kredit noti ikishatolewa na kufungwa kwenye ankara, deni limeshapungua siku ileile.

Ujumbe wa namna hiyo hujulikana ubovu wake siku malipo yanapoingia. Deni halisi ni 4,248,000 kutoa 2,000,000 kutoa 531,000, yaani 1,717,000. Yakiingia 2,248,000, mteja hakuihesabu kabisa kredit noti. Anasubiri arudishiwe fedha taslimu. Yakiingia 1,798,000, amepunguza bei ya ndoo tano, 450,000, akasahau kwamba na VAT yake ya 81,000 imerudi pamoja nazo. Yakiingia 1,186,000, amepunguza mara mbili: mara ya kwanza alipozirudisha ndoo, akaandika mwenyewe kwenye daftari lake, na mara ya pili ujumbe wetu ulipomfikia, akadhani ni punguzo jingine. Hili la mwisho ndilo linaloleta ugomvi mkubwa, kwa sababu kila upande una karatasi mkononi na kila upande unaona umeonewa.

Basi tuuhariri. Kazi ya kwanza ni kubadili mpangilio. Mteja haanzi kufikiri kwa namba ya hati ya ofisini. Anaanza na ndoo zilizovuja. Sababu itangulie, kisha itajwe ankara inayoguswa, kisha hesabu, na mwishoni kiasi kimoja tu cha kulipa pamoja na tarehe. Namba CN-0037 ibaki, kwani mhasibu wake ataihitaji, lakini ikae kwenye mstari wake wa hesabu badala ya kuufungua ujumbe.

Kazi ya pili ni kuionyesha hesabu yenyewe, hata kama ni fupi kiasi cha kuonekana ya kitoto. Wengi huandika tu “ankara 4,248,000, kredit noti 531,000, baki 3,717,000” na kuyaacha malipo ya awali, eti mteja anayajua. Anayajua, ndiyo, lakini akiiona 3,717,000 ataanza kujiuliza iwapo ile milioni mbili yake ilifika. Mistari minne inatosha, na kila kinachopunguza deni kipewe alama ya kutoa.

Ujumbe uliosahihishwa unaweza kusomeka hivi:

“Habari za leo, Mama. Ndoo 5 za rangi ulizorudisha kwa sababu ya kuvuja tumezipokea tarehe 11 Machi. Thamani yake pamoja na VAT ni TZS 531,000 (bei 450,000, VAT 81,000). Kiasi hicho tumeshakipunguza kwenye deni lako la ankara 0412, kama ifuatavyo:

Ankara 0412: 4,248,000
Ulizolipa 28 Februari: − 2,000,000
Ndoo 5 ulizorudisha, kredit noti CN-0037: − 531,000
Kilichobaki kulipa: 1,717,000

Tunaomba ulipe TZS 1,717,000 ifikapo tarehe 31 Machi, kama tulivyokubaliana awali. Ikiwa ulikuwa umeshazitoa ndoo hizi kwenye hesabu zako, hii ni hesabu ileile, si punguzo la pili. Kredit noti nimeiambatisha. Pole kwa usumbufu.”

Sentensi inayosema “si punguzo la pili” inaweza kuonekana kama ya kumshuku mteja. Mimi ningeiacha. Ndiyo inayozuia ile 1,186,000, na kwa lugha hiyo haimtuhumu mtu. Kutaja tarehe ya malipo nako kuna sababu: wateja wengi wakipata kredit noti huamini ankara imeanza upya, na siku za kulipa pia. Kama hamkuongeza siku, semeni tarehe ni ileile.

Mgawanyo wa bei na VAT ungeweza kuondolewa kwa mteja asiyesajiliwa kwa kodi hiyo. Kwa aliyesajiliwa ni lazima ubaki, kwa kuwa naye anatakiwa kupunguza 81,000 kwenye VAT ya manunuzi anayodai. Kenya, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16, kredit noti ya eTIMS huonyesha namba ya ankara ya awali, hivyo namba hiyo inapaswa kufanana na ile ya kwenye ujumbe wako.

Kuna jambo ambalo uhariri wa maneno pekee hauwezi kulitibu. Katika programu za hesabu, kredit noti inaweza kuwepo bila kuunganishwa na ankara yoyote. Kwenye TallyPrime, kwa mfano, karani akichagua `On Account` badala ya `Agst Ref`, ile 531,000 itaelea peke yake, na ankara 0412 itaendelea kuonyesha 2,248,000. Ujumbe utasema 1,717,000, halafu mwisho wa mwezi mteja ataletewa orodha ya ankara zisizolipwa inayosema vingine. Kwa hiyo fungua kwanza akaunti ya mteja, uone ankara yenyewe imeshuka, ndipo uandike “tumeshakipunguza”.

Na kama ankara ilikuwa imeshalipwa yote, hakuna deni la kupunguza. Hapo muulize waziwazi kama anataka arudishiwe fedha au zikatwe kwenye mzigo ujao, uandike jibu lake.

Kabla ya kutuma, mpe mwenzako asiyehusika na hesabu asome mara moja, kisha umuulize mteja anatakiwa kulipa kiasi gani, na lini. Asipotaja 1,717,000 na tarehe 31 Machi bila kurudi kusoma, usitume bado.