Pointi yako ya samaki: Ihifadhi kwenye GPS bila kuianika kwa kila mtu

WAZEE wa uvuvi Pwani hawakuhitaji setilaiti kurudi mwambani. Walipanga mnazi mrefu sambamba na mnara wa msikiti upande mmoja, kisha kilima na pengo la mlango wa bahari upande wa pili. Pale mistari hiyo miwili ilipokutana, nanga ilishuka. Alama zilikaa kichwani, na kuiba kilicho kichwani mwa mtu si kazi rahisi.

Siku hizi kijana akishuka na mashua Kilifi au Shimoni, huenda mfukoni ana kifaa cha GPS cha mkononi. Siri ya mwamba imegeuka nambari chache tu, na nambari hunakiliwa kwa sekunde. Lakini ukizificha kwa kila mtu, injini ikizima huko nje hakuna atakayejua pa kuanzia kukutafuta. Kazi ni kupima nani apewe nini.

Ishike sawasawa kwanza

Vifaa vingi vya mkononi vya baharini, kama vile vya Garmin, vina kitufe cha MARK. Kibonyeze samaki wanapoanza kula, usingoje hadi umalize kuvuta mshipi. Ukiwa unaelea, mkondo wa noti mbili unaibeba mashua karibu mita 60 kwa dakika moja. Ukichelewa dakika mbili, umehifadhi mchanga mtupu.

Ukiwa umetia nanga, kuna mtego mwingine. Tuseme kina ni mita 40 na umelegeza kamba mita 80. Kamba ikinyooka, mashua inakaa karibu mita 70 kutoka juu ya nanga, upande unakoelekea upepo na mkondo. Pointi uliyohifadhi ni ya mashua, si ya nanga. Kwa hivyo msimu wa kaskazi, unaporudi, pita pointi yako kwa mita 70 hivi kuelekea kule upepo unakotoka ndipo udondoshe nanga, mashua irudi nyuma yenyewe. Kusi likiingia, upande wa kushusha nanga unabadilika ingawa pointi ni ile ile. Wasee wengi hudhani GPS imeharibika, kumbe ni upepo umegeuka.

Jina nalo ni muhimu. Kifaa kitakupa nambari kama 001. Iache hivyo au weka herufi isiyosema kitu. Ukiandika “TEWA WAKUBWA”, yeyote atakayeshika kifaa chako dakika moja amejua pa kwenda. Maelezo ya kina, aina ya sakafu na msimu yaandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Daftari hilo litakufaa pia siku kifaa kitakapoanguka majini.

Nukta moja, mita 600

Chukua mfano huu wa kubuni, nje kidogo ya Kilifi. Skrini inaonyesha:

```
S 3°38.500'  E 39°59.100'
```

Hizi ni digrii, kisha dakika zenye desimali. Beshte yako anaiandika haraka kama digrii 3, dakika 38, sekunde 50. Inafanana, sivyo? Lakini desimali 500 ni nusu dakika, yaani sekunde 30. Sekunde 50 zinampeleka zaidi ya mita 600 kusini mwa mwamba. Atarudi mikono mitupu na kusema ulimdanganya.

Akisahau herufi ya S na kuweka N, mambo yanachekesha zaidi: pointi inaruka ng'ambo ya ikweta na kutua nchi kavu, kati ya Moyale na Mandera. Kwa hivyo kabla ya kupeana nambari, nyote wawili fungueni Setup, kisha Position Format, mhakikishe mmechagua kitu kimoja. Halafu mpokeaji aangalie ramani: je, pointi imetua baharini, umbali unaoeleweka kutoka ufuoni?

Njia husema kuliko pointi

Kinachoumbua watu mara nyingi si pointi, ni njia. Kifaa kikiwa kinarekodi safari, kinaacha mstari: umetoka mlangoni moja kwa moja, kisha mahali fulani mstari unajikunja na kuzunguka kama uzi uliovurugika. Hapo ndipo ulipovua. Hata ukifuta pointi zote, fundo hilo linabaki.

Angalia pia mpangilio wa Track Log. Kuna chaguo linaloitwa “Record, Do Not Show”. Huoni mstari kwenye skrini, lakini kifaa kinaendelea kuandika kimyakimya. Usizime kurekodi kabisa, kwa sababu njia hiyo ndiyo itakayokupitisha mlango wa miamba usiku. Rekodi kutoka ufuoni hadi nje ya mlango, ihifadhi, kisha simamisha kabla ya kuelekea kuvua.

Unapotaka kumpa mwenzako pointi moja, usimtumie faili nzima ya GPX kutoka kwenye kifaa. Faili hiyo inaweza kuwa na kila pointi uliyowahi kuweka. Ifungue kwenye kompyuta kama maandishi, na ubakishe ile moja tu:

```
<wpt lat="-3.641667" lon="39.985000">
  <name>K07</name>
</wpt>
```

Alama ya kutoa ndiyo S, usiifute. Sehemu inayoanza na `<trk>` ndiyo njia, hiyo iondoe yote. Rahisi zaidi, msomee nambari uso kwa uso aziandike mwenyewe, kisha azirudie kwa sauti.

Picha nazo zina mdomo. Ukipiga selfi na samaki huku skrini ya GPS ikionekana nyuma, mtu atavuta picha karibu na kusoma kila kitu.

Nani apewe nini

Mwamba ni wa wewe na mwenzako wa mashua. Huyo apewe nambari kamili. Mama au ndugu aliye nyumbani anahitaji kitu kingine. Mkatie desimali zote: digrii 3 dakika 38 kusini, digrii 39 dakika 59 mashariki. Hapo umempa kipande cha bahari chenye upande wa kilomita 1.85 hivi. Kinatosha waokoaji kuanzia, lakini kinamwachia mwenye wivu kazi ya kuzunguka. Usijidanganye lakini: mtu mwenye mashine ya kupima kina na siku nzima ya mafuta anaweza kuupata mwamba mkubwa ndani ya kipande hicho.

Nambari kamili ziweke kwenye bahasha iliyofungwa, umwachie huyo huyo, na saa ya kurudi iandikwe juu. Saa ikipita na hujafika wala hupatikani kwa simu, bahasha ifunguliwe na msaada uitwe.

Wapo wanaobadilisha nambari kwa siri, mathalan kuongeza 7 kwenye kila dakika. Achana nayo. Siku mashua inaingia maji, unasoma nambari kwenye redio huku mikono ikitetemeka, utasahau kuitoa hiyo 7, na dakika saba ni kilomita 13. Waokoaji watakuwa kwingine.

Ukiita msaada kupitia redio ya VHF, chaneli ya 16, soma nambari kamili za mahali ulipo, desimali zote, pamoja na kusini na mashariki. Kila mwenye redio karibu atasikia, na huenda kesho ukakuta mashua tatu juu ya mwamba wako. Mwamba mwingine utautafuta.