“Huniamini?” Swali linalowavua wengi kinga

Anayekataa kondomu mara chache husema “sitaki”. Husema pipi haliliwi na ganda lake. Husema inambana, inampotezea hisia, atachomoa mapema, yeye hana ugonjwa wowote. Yote hayo yakigonga mwamba, hulitoa lililo zito kuliko mengine: “Kwa hiyo huniamini?”

Nchini Marekani, mwanasaikolojia Kelly Cue Davis na wenzake wametumia miaka mingi kuchunguza njia ambazo vijana wa kiume huzitumia kukwepa kondomu. Waliyoyakuta msomaji wa Tandika au Kisauni atayatambua mara moja: kumhakikishia mwenzake kwamba hakuna hatari, kulalamikia hisia, kuuweka uaminifu mezani, kununa, kudanganya, na kwa wachache hata kuiharibu kondomu makusudi au kutumia nguvu. Mabara mawili, lakini maneno karibu ni yale yale. Hilo lina faida yake, kwa sababu kinachojulikana kitasemwa kinaweza kuandaliwa jibu mapema.

Swali la kuaminiana ndilo linalostahili kuandaliwa kuliko yote. Wapenzi wengi huanza na kinga, kisha huiacha baada ya wiki kadhaa au miezi miwili. Katika kipindi hicho hakuna aliyepima. Kilichobadilika ni kwamba wamezoeana. Amekuja nyumbani, amemsalimia dada, anajua chai inanywewa na sukari ngapi. Lakini kumjua mtu hivyo hakumwambii yeyote kilichomo kwenye damu yake. Mtu anaweza kukaa na VVU kwa miaka bila dalili. Kisonono na klamidia kwa wanawake wengi havitoi dalili yoyote, wakati vinaendelea kuharibu mirija ya uzazi. Mwaminifu wa leo anaweza kuwa na maambukizi ya mwaka juzi, na asijue.

Tuchukue mfano wa watu wawili, wa kutungwa lakini wa kawaida kabisa. Mwanamke anasuka nywele Mbagala, mwanamume anatengeneza simu Kariakoo. Wana miezi miwili pamoja, na muda wote wametumia kondomu. Jumamosi moja usiku, taa imeshazimwa, mwanamume anasema, “Mpenzi, leo tuache hilo lipira. Mimi na wewe bado ni wageni?” Mwanamke anakataa, na kwa kuwa anataka aeleweke, anaanza kutoa sababu. Wanaume hawaaminiki. Rafiki yake aliwahi kuambukizwa. Halafu kuna yule dada anayempigia simu kila mara. Hapo mazungumzo yanahama. Sasa wanabishana kuhusu yule dada ni nani, na kwa nini simu ya mwanamke nayo ina nywila. Saa nzima baadaye amechoka, anaonekana ndiye mwenye wivu, na anakubali ili yaishe.

Amekosea mawili tu. La kwanza ni wakati. Kitandani, nguo zikiwa chini, kila sekunde inamsaidia anayetaka kuendelea. La pili ni wingi wa sababu. Kila sababu aliyoitoa ilimpa mwenzake kitu cha kupinga, na mtu hodari wa maneno hupinga sababu kumi bila kuligusa kabisa suala la kondomu.

Tulirudishe jambo hilo hilo mchana wa Jumapili, wawili hao wakiwa wamekaa mahali wanakula chipsi mayai. Mwanamke anaanza mwenyewe: “Jana sikupenda ilivyokwisha. Nataka tuendelee kuwa pamoja. Lakini mimi bila kondomu sifanyi, mpaka tupime wote wawili.”

“Ina maana huniamini?”

“Nakuamini. Hata afya yangu mwenyewe siijui mpaka nipime. Bila kondomu sifanyi, mpaka tupime wote wawili.”

“Mbona wenzetu hawana mambo haya?”

“Wenzetu siwajui. Mimi bila kondomu sifanyi, mpaka tupime.”

Sentensi ni moja, imerudiwa karibu neno kwa neno, kwa sauti ya chini na bila matusi. Kwa anayesoma inaweza kuonekana ya kuchosha, na nguvu yake iko hapo hapo. Hakuna jipya la kupingwa. Tena sentensi inasema “mimi”, haisemi “wewe”. “Wewe unaweza kuniambukiza” ni tuhuma, na mtu aliyetuhumiwa hujitetea. “Mimi sifanyi” ni taarifa kuhusu mwili wa anayesema, na hakuna mwenye haki ya kuujadili zaidi yake. Kisha kuna “mpaka”. Neno hilo linampa mwenzake mlango wa heshima: hajakataliwa yeye, ameonyeshwa hatua ya kuchukua.

Hatua yenyewe ielezwe kwa ukamilifu, maana hapa wengi hudanganyika. Kipimo cha haraka cha VVU huweza kushindwa kuona maambukizi mapya, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo wawili hao wanapima pamoja, wanaendelea kutumia kondomu, wanarudia baada ya miezi mitatu, na huku wanaomba pia kupimwa kaswende na magonjwa mengine ya zinaa. Karatasi moja ya majibu iliyokunjwa kwenye pochi tangu mwaka jana haitoshi. Kwenda pamoja na kusikia majibu pamoja pia ni bora kuliko kuletewa habari kwa simu.

Usiku bado utafika, na atajaribu tena. “Leo tu.” Jibu linabaki fupi: “Hata leo tu, hapana. Ninayo hapa, tuivae au tukae tu tuangalie muvi.” Ndiyo maana anayetaka kinga anapaswa kuwa nayo mwenyewe, kwenye mkoba au droo, isiyopita tarehe yake na isiyokaa juani. Akimtegemea mwenzake ailete, itasahaulika siku ile ile inapohitajika. Mwili nao useme kilichosemwa na mdomo: aketi, awashe taa, avae kanga yake. Mtu anayesema hapana huku amelala vile vile husikika kama anayesubiri kubembelezwa. Dhuluma ikitokea lawama haimwangukii yeye hata chembe. Lakini kwa mpenzi anayejaribu bahati tu, taa ikiwaka mjadala mara nyingi huisha.

Malalamiko mengine ni ya kweli na yanastahili kutatuliwa. Kondomu ya mpira inavutika sana. Wahudumu wa afya huonyesha hivyo kwa kuivuta hadi ikafunika ngumi na sehemu ya mkono. Inapobana au kukwaruza, mara nyingi tatizo ni ukavu. Tone dogo la kilainishi cha maji ndani ya ncha kabla ya kuvaa, na kingine kwa nje, hubadilisha hisia kwa kiasi ambacho wengi hawakukitarajia. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando au losheni visitumike, kwa sababu hudhoofisha mpira ndani ya dakika chache na kuupasua. Anayewashwa au kuvimba kweli kwa sababu ya mpira anaweza kutumia kondomu ya kike ya kisasa, ambayo nyingi hutengenezwa kwa nitrili. Hiyo huvaliwa na mwanamke mapema, kabla hata ya kukaribiana.

Kuna sababu moja ambayo wanaume hawaisemi. Baadhi yao uume hulegea pale wanapohangaika kuvaa. Aibu ya kulegea mbele ya mwenzake humfanya aseme “sipendi mpira”, na mwanamke akasikia dharau mahali palipokuwa na hofu. Dawa yake ni mazoezi: mwanamume ajifunze kuvaa akiwa peke yake, mpaka mikono izoee. Wakiwa wawili, mwenzake anaweza kumvalisha taratibu, abane ncha ili hewa isikae ndani, aiviringishe hadi chini, na mahaba yaendelee bila kusimama. Hatua hiyo ya kuvaa ikiwa sehemu ya kubembelezana, nusu ya ugomvi huwa umekwisha.

Wanawake nao hukataa. Mwanamume akitoa kondomu anaweza kuulizwa, “Unaniona malaya?” Jibu ni la ukoo ule ule: “Nakuheshimu, na najilinda mimi na wewe. Mimi bila kondomu sifanyi, mpaka tupime.”

Sentensi hiyo, hata hivyo, ina mpaka wake. Binti anayelipiwa kodi ya chumba na mtu mzima anayemzidi miaka ishirini hana uwezo sawa wa kusema hapana. Watanzania wanaikumbuka kampeni ya redio iliyompa mtu wa aina hiyo jina la Fataki. Mke anayemtegemea mume aliyerudi baada ya miezi kazini yuko katika hali ya karibu na hiyo. Wengi huona wepesi zaidi kuzungumzia mimba: “Sitaki kushika mimba sasa, na vidonge vinanisumbua.” Hayo, yakiwa kweli, hayamtuhumu mtu, na kondomu inabaki palepale. Kwa anayejua kwamba kuna siku atashindwa, zipo dawa za kumeza kila siku kuzuia VVU, zinazotolewa kwenye vituo vya afya vya Tanzania na Kenya kwa walio katika hatari. Mtu anaweza kuzitumia bila kumwomba mwenzake ruhusa. Hazizuii mimba wala kisonono.

Na ipo hali ambayo si majadiliano tena. Mtu akifunga mlango na kushika ufunguo, akinyang'anya simu, akibana mikono au akitishia kupiga, hakuna sentensi ya kurudia. Kinachotafutwa hapo ni njia ya kutoka, jirani wa kuitwa, kelele ya kupigwa. Vivyo hivyo, kukubali tendo lenye kondomu si kukubali lisilo nayo. Anayeivua kwa siri katikati ya tendo ameukiuka mwili wa mwenzake, na jimbo la California lilipitisha mwaka 2021 sheria inayompa aliyetendewa hivyo haki ya kumshtaki mhusika mahakamani kudai fidia.

Baada ya tukio la namna hiyo, au kondomu ikipasuka, saa ndizo zinazohesabiwa. Dawa za kuzuia VVU baada ya hatari zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, na baadhi husaidia hadi siku ya tano. Aliyelazimishwa asioge wala kufua nguo alizovaa kabla hajaonana na daktari. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo hutolewa fomu ya PF3. Kenya, namba ya kupiga ni 1195. Kama kituo cha polisi kiko mbali na hospitali iko jirani, aanzie hospitali na aseme wazi kilichotokea na saa kilipotokea, kwa sababu mhudumu atahesabu zile saa 72 kuanzia hapo.