Kwa nini shokapu mbovu hujificha gari linapoenda kasi

MADEREVA wanaobeba mahindi kutoka mashamba ya Trans Nzoia kuelekea Kitale, na wenzao wa barabara za miwa upande wa Bukembe karibu na mji wa Bungoma, wanaijua vyema adha ya barabara ya changarawe wakati wa kiangazi. Uso wa barabara hujikunja ukawa mawimbi madogo madogo yaliyopangana kama mabati, na gari linapopita hutetemeka hadi meno yakagongana.

Dawa wanayorithishana ni moja: kanyaga mafuta. Ukienda pole unateseka, ukiongeza kasi mtetemeko unatulia na gari linateleza kana kwamba limepata lami.

Kanuni hiyo ni ya kweli, na fizikia inaithibitisha. Hata hivyo, fizikia hiyo hiyo inaonyesha kwamba ndani yake mna mtego. Kasi haifichi mawimbi ya barabara pekee. Huficha pia ubovu wa shokapu. Na ubovu huo hujitokeza wakati ule ule ambapo dereva ameshika breki.

Gurudumu linavyosukumwa

Tulitazame gurudumu moja la pikapu. Limebanwa kati ya springi mbili. Juu yake iko springi ya chuma inayobeba bodi, na chini yake iko tairi lenyewe, ambalo kwa sababu ya hewa iliyomo nalo hubonyea na kurudi kama springi. Sambamba na springi ya chuma iko shokapu, bomba lenye mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo. Kazi ya shokapu si kubeba uzito bali ni kula nguvu ya mtetemo na kuigeuza kuwa joto.

Kitu chenye uzito kilichoshikwa na springi kina mdundo wake wa asili. Kikigongwa mara moja na kuachwa, hutetemeka kwa mdundo huo hadi kitulie. Barabara yenye mawimbi haigongi mara moja, bali husukuma tena na tena kwa mdundo wake yenyewe, na mdundo huo hutegemea mwendo wa gari. Swali ni hili: gurudumu litaruka kiasi gani kwa kila mdundo wa barabara?

Tuchukue mfano wenye vipimo vya kawaida. Gurudumu na vyuma vyake vina uzito wa kilo 50. Ugumu wa tairi ni nyutoni 200,000 kwa mita, na wa springi ya chuma nyutoni 25,000, jumla 225,000. Mdundo wa asili wa gurudumu hilo ni mitetemo 10.7 hivi kwa sekunde. Mawimbi ya barabara yameachana kwa sentimita 70, na kutoka bondeni hadi kileleni yana kimo cha sentimita 2, yaani sentimita 1 juu na 1 chini ya usawa wa wastani.

Gari likienda polepole sana, gurudumu hufuata tu umbo la barabara na kupanda karibu sentimita 0.9. Mwendo ukiongezeka, barabara husukuma kwa mdundo unaokaribia ule wa asili, na kila msukumo huliongezea gurudumu nguvu kabla ile ya awali haijaisha. Hapo ndipo mtetemo hufikia kilele. Mwendo ukizidi hapo, misukumo huja haraka kuliko uwezo wa gurudumu kuitikia. Kwenye kilomita 60 kwa saa barabara husukuma karibu mara 24 kwa sekunde, na gurudumu husogea sentimita 0.2 tu. Huo ndio utulivu ambao madereva wanausifu.

Kipimo kiitwacho Q

Urefu wa kilele hicho huamuliwa na shokapu. Wanafizikia hutumia namba moja kuueleza, kipimo cha ubora, kinachoandikwa kwa herufi Q. Kwa gurudumu letu hupatikana hivi:

Q = √(K × M) ÷ C

K ni jumla ya ugumu wa springi, M ni uzito wa gurudumu, na C ni ukali wa shokapu katika kuzuia mwendo. Jina hilo lisimpotoshe msomaji. Q kubwa ni sifa njema kwa kengele, ambayo tunataka iendelee kulia, lakini kwa gurudumu ni balaa.

Shokapu nzima katika mfano wetu ina C ya 1,500, na Q inakuwa 2.2. Kileleni gurudumu hupanda karibu sentimita 2. Shokapu iliyovuja mafuta ikabaki na C ya 500 hutoa Q ya 6.7, na hesabu inasema gurudumu lipande karibu sentimita 6. Barabara ni ile ile na mwendo unakaribiana, ila mtetemo umekuwa mara tatu.

Q hueleza pia mambo mengine mawili. Kwanza, ni takriban idadi ya mitetemo ambayo gurudumu hufanya baada ya kugongwa mara moja hadi karibu kutulia kabisa: miwili hivi kwa shokapu nzima, sita au saba kwa mbovu. Pili, hueleza upana wa kilele. Q ikiwa ndogo kilele ni kifupi na kipana kama kilima. Ikiwa kubwa kinakuwa kirefu na chembamba kama mnara. Katika mfano wetu, shokapu nzima ina kilele chenye upana wa kilomita 12 kwa saa hivi, na mbovu kilomita 4 tu.

Kilele kinapokaa

Wengi hudhani kwamba kilele hukaa hasa penye mdundo wa asili. Sivyo. Shokapu hukisogeza chini kidogo, kwa kanuni hii:

fk = f0 × √(1 − 1 ÷ (2 × Q × Q))

Hapa f0 ni mdundo wa asili na fk ni mdundo wa kilele. Kwa Q ya 2.2, kilele hushuka kutoka mitetemo 10.7 hadi 10.1 kwa sekunde, sawa na mwendo wa kilomita 25.5 kwa saa juu ya mawimbi yetu. Kwa Q ya 6.7 hakishuki karibu hata kidogo, na mwendo wake ni kama kilomita 27 kwa saa.

Kanuni hiyo ina ukomo wake. Q ikishuka chini ya 0.71 hivi, kilele hutoweka kabisa. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi viwanda visitengeneze shokapu kali kiasi hicho. Jibu ni kwamba shokapu imefungwa kwenye bodi pia. Ikiwa kali mno, kila kituta hupitishwa moja kwa moja hadi kwa abiria na mzigo. Hesabu yetu yenyewe imechukulia kwamba bodi imetulia, na kwa shokapu ya namna hiyo dhana hiyo haisimami tena.

Mtego wenyewe

Sasa turudi kwenye kilomita 60 kwa saa. Tukipiga hesabu kwa shokapu nzima, gurudumu linasogea sentimita 0.22. Tukirudia kwa ile mbovu, jibu ni sentimita 0.22 vile vile. Mbali juu ya kilele, kinacholituliza gurudumu ni uzito wake lenyewe, wala si shokapu. Dereva hawezi kuzitofautisha, hata awe na uzoefu wa miaka 30.

Lakini kuna kona mbele, au ng'ombe wanavuka. Anapunguza mwendo. Anaposhuka kutoka kilomita 29 hadi 25 anapita katikati ya ule mnara mwembamba. Kwa breki za taratibu hutumia kama sekunde moja hapo, ambayo inatosha gurudumu kuruka zaidi ya mara kumi, na mitetemo sita au saba tu inatosha kujenga karibu kilele kizima.

Tuseme gurudumu linabeba kilo 500. Tairi limebonyea kwa uzito huo sentimita 2.5. Gurudumu likipanda zaidi ya kiasi hicho kutoka kwenye udongo, tairi huachana na barabara. Kwa shokapu nzima halifiki hapo, ingawa linakaribia. Kwa mbovu hesabu yetu imetupa sentimita 6, na kwa kweli namba hiyo haina maana tena, kwa kuwa tairi lililo hewani halisukumwi na chochote. Wala halishiki breki, wala haliitikii usukani.

Hata ule utulivu wa kilomita 60 una kasoro. Gurudumu limetulia, lakini barabara inapanda na kushuka chini yake. Uzito juu ya tairi hubadilika kati ya kilo 260 na 740 hivi, mara 24 kila sekunde. Mwili unahisi lami, lakini tairi halina mshiko wa lami.

Jinsi ya kuutambua ubovu

Makanika wengi hubonyeza pembe ya gari kwa mikono na kuhesabu linavyodunda. Jaribio hilo lina faida, ila hupima mdundo wa bodi, ambao ni mtetemo mmoja au miwili tu kwa sekunde. Shokapu iliyochoka kiasi inaweza kulipita jaribio hilo na bado ishindwe kulidhibiti gurudumu.

Barani Ulaya, utaratibu wa chama cha watengenezaji shokapu, EUSAMA, hulitikisa gurudumu juu ya bamba kwa mitetemo 25 kwa sekunde, kisha mashine huzimwa. Mtikiso hupungua kasi na kupita kwenye kilele, na kinachosomwa ni uzito mdogo kabisa uliobaki juu ya bamba. Msomaji ataona kwamba hilo ndilo lile lile linalotokea dereva anapokanyaga breki.

Pasipo mashine, kuna dalili za kutazama. Mafuta yaliyolowanisha mwili wa shokapu ni ya kwanza. Ya pili ni tairi lililolika kwa mabaka yanayopishana kuzunguka uso wake, alama ya gurudumu lililokuwa likirukaruka. Ya tatu hupatikana barabarani kwenyewe: mahali palipo wazi na pasipo watu, endesha kwa mwendo usiobadilika wa kilomita 20, kisha 25, kisha 30 juu ya mawimbi. Usukani ukitikisika ghafla kwenye mwendo mmoja na kutulia pande zote mbili zake, umekutana na kilele chembamba, na kilele chembamba maana yake ni Q kubwa. Mawimbi yaliyoachana zaidi ya sentimita 70 yatakihamishia kwenye mwendo mkubwa zaidi.

Jambo moja lisisahaulike. Baada ya kilomita nyingi za mawimbi, mafuta ndani ya shokapu hupata moto, na nguvu yake ya kuzuia hupungua hadi ipoe. Gari lililotoka Kitale asubuhi likiwa na Q ndogo laweza kufika kona ya mwisho likiwa na nyingine. Kwa hiyo mahali pa kupunguza mwendo ni mbali kabla ya kona, ili kilele kipitwe wakati njia ingali imenyooka.