Karatasi mbili za shairi moja: kina kilivyonisaidia kusema uongo

Nina karatasi mbili za shairi moja. Ya kwanza imechanwa kwenye daftari la shule, imeandikwa kwa wino wa buluu, na pembeni ina masahihisho ya kalamu ya risasi. Ya pili ni safi, haina doa. Shairi ni langu mwenyewe, nililomtungia ami yangu, mdogo wake baba, aliyetoka kuvua msimu wa kusi asirudi. Baina ya karatasi hizo mbili ilipita miaka minne.

Nimeziweka pamoja kwa sababu vijana wanaonijia na mashairi yao huniuliza swali moja: shairi likishatimia vina na mizani, kuna haja gani ya kulirudia? Swali hilo sina jibu lake fupi, lakini ubeti wa kwanza wa shairi hili unalo.

Hivi ndivyo ulivyokuwa kwenye karatasi ya daftari:

Ami uliposafiri, sote tulikuwa pwani,
Tukakwambia kwaheri, machozi yetu usoni,
Mawimbi yake bahari, yakakumeza kinywani,
Bahari huna imani, wala wetu hurudishi.

Msomaji anayejua fani ataona kwamba hauna kosa. Ni tarbia, mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Kina cha kati ni -ri, cha mwisho ni -ni, na mshororo wa nne unakipokea -ni katikati na kufunga kwa -shi. Nilipousoma barazani kwetu, wazee walitikisa vichwa na mmoja akaniomba niurudie.

Aliyenistua ni mjane wa ami. Alisomewa na binti yake, na siku nilipokwenda kumjulia hali akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani alisafiri? Si alikwenda kuvua?"

Sikuwa na la kumjibu. Ami hakusafiri. Alikwenda kuvua, kama alivyokwenda maisha yake yote, na alinuia kurudi kabla ya adhuhuri. Neno "safiri" halikutoka kwenye tukio. Lilitoka kwenye kina.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo mambo yalipo. Kina cha -ni ni chepesi, kwani karibu jina lolote ukilitia -ni ya mahali linakubali: nyumbani, mlangoni, dirishani. Kina hicho hakikulazimishi kusema kitu fulani. Kina cha -ri ni tofauti. Maneno yake yapo, lakini mtu anayetunga juu ya bahari huyakuta yaleyale yakimngoja mlangoni: bahari, safari, kusafiri, kwaheri, hatari, habari. Ukishaanza na "bahari" basi "kwaheri" inakuja yenyewe, na ikija kwaheri lazima pawe na watu wa kuaga. Ndivyo nilivyojikuta nimewajaza watu ufuoni, na machozi nimewatia. Hata "usoni" na "kinywani" hazikuwa na kazi. Machozi yatakuwa wapi kama si usoni? Na kumeza kutakuwa kwa kitu gani kama si kinywa?

Ukweli ni kwamba hapakuwa na mtu pwani. Ami alitoka kukiwa bado kiza, peke yake.

Baada ya swali la mjane wake nilichukua kalamu ya risasi nikajaribu kuurekebisha ubeti bila kuubomoa. Mshororo wa pili nikauandika hivi pembeni:

Hukutwambia kwaheri, tukiwa sote nyumbani.

Mizani ni zilezile, na vina ni vilevile. Safari hii hata maneno yenyewe ni ya kweli: hakutuaga, na sote tulikuwa nyumbani. Niliridhika, nikaliacha shairi. Lakini soma tena uone mzigo umekwenda wapi. Kwenye wino wa buluu mkosaji alikuwa bahari, isiyo na imani. Kwenye kalamu ya risasi mkosaji amekuwa ami mwenyewe: ameondoka kimya, hakuaga watu wake. Nilikuwa nimetoa uongo mmoja nikautia mwingine, na huu wa pili ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulimwangukia maiti asiyeweza kujibu.

Kwani ami alikuja kuaga. Tena alikuja kwangu. Usiku wa kuamkia siku ile aliniomba niende naye nikamsaidie kupiga kafi, kwa kuwa kusi ilikuwa imechachamaa na mwenziwe wa kila siku alikuwa mgonjwa. Nilimwambia tutaona. Alipokuja kubisha dirishani nilikuwa macho. Nilisikia kafi likikwaruza ukuta wa kichochoro. Nikanyamaza, nikajifanya nimelala. Alingoja kidogo, akaenda zake. Mtumbwi ulionekana siku ya pili nje ya mwamba, umepinduka. Yeye hakuonekana.

Hilo sikumwambia mtu kwa miaka minne, na shairi lilinisaidia kulificha. Nilipoamua kuliandika, jambo la kwanza niliyogundua ni kwamba haliwezi kuingia kwenye kina cha -ri. Nilijaribu wiki nzima. Kila nilipoondoa "kwaheri" nilibaki na "safiri" na "bahari" zikidai mwenza. Ilibidi nikitupe kina chote cha kati, na kwa kukitupa, neno "bahari" lenyewe likatoka. Huu ndio ubeti wa karatasi safi:

Ami, kukipambazuka, ulibisha dirishani,
Mato wazi, sikwitika, nimelala kitandani,
Ukangoja, ukatoka, na kafi lako begani,
Leo naitika pwani, na wewe tena hubishi.

Sasa tulinganishe polepole.

Kwanza, tazama nani anasema. Ubeti wa kwanza umejaa "sisi": tulikuwa, tukakwambia, yetu, wetu. "Mimi" haimo hata mara moja. Ubeti wa mwisho hauna "sisi" hata moja, una sikwitika, nimelala, naitika. Nilipokuwa nikitunga mara ya kwanza sikujua kwamba nimejificha katikati ya umati. Nilidhani nautetea ukoo wote. Kumbe nilihitaji watu wengi pwani ili nisionekane mmoja kitandani.

Pili, tazama vitendo. Kwenye ubeti wa kwanza anayetenda jambo zito ni mawimbi, nayo hayaulizwi kitu. Kwenye wa mwisho mawimbi hayamo na kifo hakitajwi. Kuna mtu anabisha, mtu haitiki, mtu anangoja, mtu anatoka. Neno "ukangoja" ndilo lililonigharimu kuliko yote. Lina silabi nne tu, na ningeweza kuweka "ukageuka, ukatoka" kama mizani zingeruhusu. Zilizidi moja. Nikashukuru baadaye, kwa sababu kungoja kwake ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Tatu, tazama kilichobaki. Kina cha -ni kimebaki, na mshororo wa nne bado unafunga kwa -shi. Neno "pwani" pia limebaki, ila limehama kutoka mshororo wa kwanza hadi wa nne. Mwanzo lilikuwa mahali tulipodai kumuaga. Sasa ni mahali ninapokwenda kumjibu baada ya yeye kuondoka. Mtu akilinganisha rasimu mbili huwa mwepesi wa kuona maneno yaliyofutwa, lakini neno lililohama huonyesha zaidi, kwa kuwa mtunzi hakuweza kuliacha.

Nne ni lugha. Karatasi ya kwanza ina "machozi", na ya pili ina "mato". Kwa Kimvita chetu tungesema "matozi", lakini mwanzo niliandika kama nilivyofundishwa shuleni, nikihofia shairi litaonekana la kienyeji. Mizani hazikunilazimisha kubadilisha, kwani "macho wazi" na "mato wazi" ni silabi nne sawasawa. Nilibadilisha kwa sababu aliyelala kitandani mle hakuwa mwanafunzi wa mtu, alikuwa mtoto wa nyumba ile. "Sikwitika" ni jambo jingine. Hiyo ni inkisari, kwani "sikuitika" ingefanya ukwapi uwe na mizani tisa. Kwa hiyo nikiulizwa badiliko lina maana gani, hili la pili nitasema ni la hesabu, la kwanza ni la moyo. Si kila badiliko lina siri, na anayetaka kuona siri katika kila kistari atajidanganya.

Shairi zima lilikuwa na beti tano, likabaki na tatu. Ubeti mmoja niliouondoa ulisifu ukarimu wa ami kwa maneno ambayo ungeweza kumsomea maiti yeyote. Mwingine ulikuwa kaditama, wa kutaja jina langu na kuomba radhi kwa makosa ya utunzi. Niliona aibu kuomba radhi kwa makosa ya vina nikiwa na kosa lile.

Vijana wangu, hapa ndipo jibu lenu lilipo. Ukimaliza ubeti, kiulize kila kina kimeingia kwa sababu gani. Njia nyepesi ni kuusimulia ubeti wako kwa maneno ya kawaida, kama unayemweleza jirani, kisha uone ni neno gani la kwenye kina ambalo usingelitumia. Mjane wa ami alifanya hivyohivyo kwa swali moja, bila kujua ukwapi wala utao. Neno hilo likiwa moja, ni rahisi kulibadilisha. Yakiwa matatu yanashikana, basi si neno lenye ila, ni kina kizima, na huna budi kubomoa.

Na karatasi za mwanzo msizitupe. Futeni kwa mstari mmoja ili neno la chini lisomeke, mkaandike na tarehe. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa baada ya kufa kwake, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na Taylor, kutoka vifuani mwa watu waliokuwa wakiyakumbuka. Tunashukuru kuyapata. Lakini kifua cha mtu hakiwekei mshairi neno alilolikataa. Mimi mwenyewe, lau nisingekuwa na ile karatasi ya daftari, leo ningeapa kwamba tangu mwanzo niliandika ukweli.

Karatasi safi nilimpelekea mjane wa ami kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimsomea mwenyewe, mara moja. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Alinambia atakupitia." Alikuwa akijua miaka yote minne.